Uga wa sumaku wa waya na koili: kutoka kwenye klampu ya fundi wa stima hadi foili inayoruka

Fundi wa stima akitaka kujua birika linavuta ampea ngapi, hakati waya. Anafungua taya za klampu mita, anaufumbata waya mmoja, anasoma. Hajali kama waya umekaa katikati ya taya au umeegemea upande. Namba haibadiliki, au inabadilika kidogo tu. Kifaa hicho ni kanuni ya Ampère iliyotiwa plastiki, na kukielewa ni nusu ya kazi yote iliyo hapa chini.

Kanuni yenyewe inasema hivi: chora kitanzi chochote kilichofungwa, ukitembee chote, na kila hatua zidisha urefu wa hatua kwa sehemu ya uga B inayoelekea unakokwenda. Jumla ya hayo yote ni μ₀ mara mkondo unaopenya kitanzi. Hiyo μ₀ ni namba isiyobadilika, 4π × 10⁻⁷ tesla mita kwa ampea. Mkondo unaopita nje ya kitanzi hauongezi chochote kwenye jumla, ingawa uga wake upo palepale. Taya za klampu ndizo kitanzi hicho.

Jaribu kwanza kwenye klampu

Tafuta ekstenshoni fupi. Ikiwa imechomolewa kabisa ukutani, pasua ganda la nje peke yake kwa urefu wa sentimita 30 hivi. Waya za ndani, ya kahawia, ya buluu na ya kijani yenye mstari wa njano, zibaki na plastiki zao bila mkwaruzo. Ukikwaruza hata mmoja, itupe hiyo ekstenshoni. Hii ni volti 240. Chomeka birika la wati 2000 lenye maji, liwashe, kisha pima.

Fumbata waya wa kahawia peke yake: utasoma karibu ampea 8.3, yaani 2000 gawa kwa 240. Fumbata wa kahawia na wa buluu pamoja: sifuri. Mkondo uleule unakwenda na kurudi ndani ya kitanzi kimoja, kwa hiyo jumla yake ni sifuri kamili. Sasa zima, upitishe wa kahawia mara mbili ndani ya taya, uwashe tena: karibu 16.6, kwa sababu mkondo umepenya kitanzi mara mbili. Hilo la mwisho liweke akilini, ndilo litakalotupatia koili.

Ukifumbata zote mbili na usipate sifuri, kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, mara nyingi kupitia ardhi. Shawa za umeme zinazovuja huonekana hivyo hivyo.

Kosa la kawaida hapa ni kununua klampu ya mkondo geu pekee kisha kuipeleka kwenye betri. Itasoma sifuri siku nzima, kwa sababu ndani yake mna koili inayohitaji uga unaobadilika. Ukienda mtaa wa Luthuli hapa Nairobi kutafuta, uliza inayopima DC pia. Hiyo ina kihisi cha Hall, kinachosoma hata uga usiobadilika.

Waya mrefu ulionyooka

Kanuni ni kweli kwa kitanzi chochote, lakini inakupa B pale tu ambapo unaweza kuitoa B nje ya jumla. Wanafunzi wengi hukwama hapa: wanachora kitanzi cha mraba kuzunguka waya, halafu hawajui wafanye nini. Mraba si kosa, ila B kwenye kona zake si sawa na B katikati ya pande zake, kwa hiyo huwezi kuigawa.

Waya mrefu ulionyooka unaonekana vilevile ukiuzunguka, kwa hiyo ukubwa wa B hauwezi kutegemea chochote ila umbali r. Chora basi duara lenye waya katikati. B ni ileile kila mahali kwenye duara na inafuata mwendo wako. Jumla inakuwa B × 2πr, nayo ni sawa na μ₀I. Basi:

B = μ₀I / (2πr)

Kwa matumizi ya haraka, μ₀/2π ni 2 × 10⁻⁷. Ampea 10, sentimita 1 kutoka waya: mikrotesla 200.

Kuipima unahitaji dira ya kawaida, betri ya gari ya volti 12, na balbu ya taa ya mbele ya wati 55. Barabara ya Kirinyaga imejaa balbu hizo. Kazi ya balbu ni kuzuia mkondo. Bila hiyo betri itaunguza waya na vidole vyako. Itakuachia karibu ampea 4.6. Usiikisie, ipime kwa multimita, na kabla hujapima hamisha waya mwekundu wa multimita kwenda tundu la 10A. Ukiuacha kwenye tundu la mA, fyuzi ya ndani inakatika kimya na utadhani saketi ndiyo mbovu.

1. Chagua mahali. Sogeza dira polepole kwenye eneo la nusu mita na uangalie sindano. Ikibadilika mwelekeo, kuna chuma karibu: nondo za sakafu, miguu ya meza, kibanda cha mabati, simu mfukoni. Hama.

2. Simamisha waya wima, urefu wa mita 1, ukipita katikati ya kadibodi iliyolala kwenye kimo cha nusu mita. Waya wa kurudi upitishe mita 1 pembeni, upande wa mashariki. Betri ikae mbali kiasi hicho pia.

3. Weka dira kusini mwa waya, katikati ya dira ikiwa sentimita 5 kutoka katikati ya waya. Izungushe mpaka sindano isome sifuri.

4. Washa mkondo, uwe unapanda kwenda juu. Sindano itageukia mashariki. Soma, zima.

5. Badilisha ncha za betri, soma tena upande wa magharibi. Chukua wastani wa pembe hizo mbili.

Kwa nini kusini na si mashariki? Uga wa dunia hapa Nairobi, sehemu yake ya mlalo, ni karibu mikrotesla 30 kuelekea kaskazini. Ukiweka dira kusini mwa waya, uga wa waya unaelekea mashariki au magharibi, pembe mraba na ule wa dunia. Hapo tanjenti ya pembe uliyosoma ni uga wa waya gawa kwa 30. Kwa ampea 4.6 na sentimita 5, uga wa waya ni 2 × 10⁻⁷ × 4.6 / 0.05, yaani mikrotesla 18.4. Gawa kwa 30 upate 0.613, pembe yake ni digrii 31 na nusu. Sogeza hadi sentimita 10: uga unakuwa 9.2, pembe digrii 17. Angalia kwamba pembe haikupungua nusu kamili. Kinachopungua nusu ni tanjenti, na ni hapo wengi wanapodhani kanuni imekataa.

Hatua ya 5 si ya kupamba. Waya wa kwenda, wa kurudi na vile vipande vya juu na chini vinatengeneza fremu kubwa, na fremu hiyo ina uga wake mdogo wa kaskazini–kusini, kama mikrotesla 2 hivi. Mkondo ukienda upande mmoja, uga huo unaongezea wa dunia na pembe inashuka hadi kama digrii 30. Ukiugeuza, unapunguza wa dunia na pembe inapanda hadi kama 33. Wastani unakurudisha kwenye 31 na nusu. Ungeupitisha waya wa kurudi kaskazini badala ya mashariki, kosa lingeingia moja kwa moja kwenye kitu unachopima na kugeuza ncha kusingekusaidia.

Usiikaribishe dira chini ya sentimita 5. Sindano ina urefu wake, na ikiwa karibu sana na waya, ncha zake na katikati yake haziko kwenye uga mmoja. Upande wa mbali nao una mpaka: waya wetu ni mita 1, si usio na mwisho. Kwa sentimita 5 upungufu ni nusu ya asilimia. Kwa 10 ni karibu asilimia 2. Zaidi ya hapo unaanza kupima urefu wa waya.

Kuna mchezo mmoja unaostahili dakika zake. Mkondo ukipanda juu, peleka dira magharibi mwa waya. Huko uga wa waya unaelekea kusini, kinyume cha wa dunia. Kwenye umbali wa kama sentimita 3 sindano inapoteza mwelekeo, inaning'inia tu, inageukia popote unapoigusa. Ni mahali ambapo 2 × 10⁻⁷ × 4.6 / r inafikia mikrotesla 30. Kwa namba kamili usiutegemee, kwa sababu niliyotaja ya urefu wa sindano.

Koili

Koili ndefu ni ule waya wa kahawia uliopita mara mbili kwenye taya, sasa umepita mara nyingi. Kitanzi kinachofaa hapa ni mstatili: upande mmoja wa urefu ℓ unalala ndani ya koili sambamba na mhimili wake, wa pili unalala nje, na mbili fupi zinakata ukuta wa koili.

Pande fupi hazichangii, maana uga unazikata pembe mraba. Upande wa nje hauchangii kwa sababu uga wa nje, karibu na katikati ya koili ndefu, ni mdogo sana. Unabaki upande mmoja tu: B × ℓ. Mkondo uliopenya mstatili ni idadi ya raundi zilizo ndani ya ℓ, yaani nℓ, kila moja na mkondo I. Urefu ℓ unafutika pande zote:

B = μ₀nI

Herufi n ni raundi kwa kila mita. Si jumla ya raundi. Mwenye koili ya raundi 40 ndani ya sentimita 40 ana n = 100. Kosa hili ndilo linalorudi kila mara kwenye daftari, na dalili yake ni jibu ambalo haliathiriki hata koili ikivutwa iwe ndefu maradufu. Angalia pia kwamba mstatili ungeweza kuupandisha au kuushusha ndani ya koili bila kubadili mkondo uliopenya. Ndiyo maana B ni ileile katikati na pembeni mwa bomba.

Pata bomba la plastiki la maji taka, kipenyo cha milimita 50, ukate sentimita 40. Katikati yake toboa dirisha la sentimita 3 kwa 4 kabla ya kuzungusha chochote. Zungusha waya wenye ganda la plastiki, raundi moja kila sentimita moja, jumla 40; utakula kama mita 6 na robo za waya. Raundi zilizo mbalimbali hivi zinaonekana ovyo, lakini zina faida mbili: unaisoma dira kupitia dirisha kati ya waya na waya, na uga haupandi ukaifunika dunia kabisa.

Laza bomba mashariki–magharibi. Ingiza dira ndogo ya kitufe, ikae kwenye kipande cha sponji ili ilale sawa katikati ya bomba. Safari hii tumia balbu ya paking ya wati 5, ampea 0.42. Hesabu: 4π × 10⁻⁷ × 100 × 0.42 ni karibu mikrotesla 53. Gawa kwa 30, tanjenti 1.76, pembe digrii 60. Sogeza dira mpaka mdomoni mwa bomba: hapo ni nusu koili tu inayokutazama, kwa hiyo uga ni nusu, na pembe inashuka hadi kama digrii 41. Ukipata 60 katikati na 41 mdomoni, koili yako ni nzuri. Ukipata 60 na 55, dira haijafika mdomoni. Ukipata ndogo mno kote, hesabu raundi upya. Mara nyingi kuna mahali waya uligeuzwa na raundi kadhaa zinapingana na wenzake.

Jambo moja vitabu hulipita haraka. Waya wa koili unazunguka, lakini pia unasafiri kutoka ncha moja ya bomba hadi nyingine. Ukilifumbata bomba zima kwa klampu, taya zinapenywa na mkondo I mara moja, kwa hiyo nje ya koili kuna uga mdogo wa kulizunguka bomba, sawa na wa waya mmoja ulionyooka. Kwa ampea 0.42, sentimita 5 kutoka mhimili, ni kama mikrotesla 1.7. Ukitaka nje pawe safi, urudishe waya wa mwisho kupitia ndani ya bomba.

Waya mbili sambamba

Hapa hakuna kanuni mpya. Waya wa kwanza unatengeneza uga B = μ₀I₁/(2πd) mahali ulipo wa pili. Waya wa pili, wenye mkondo I₂ pembe mraba na uga huo, unasukumwa kwa nguvu B × I₂ kwa kila mita. Uga wa waya wenyewe hauusukumi, usiuhesabu. Basi:

F/L = μ₀I₁I₂ / (2πd)

Mikondo ikienda upande mmoja waya zinavutana, ikipingana zinasukumana. Ampea 1 kila upande, umbali wa mita 1, nguvu ni 2 × 10⁻⁷ niutoni kwa mita. Hiyo ndiyo iliyokuwa tafsiri rasmi ya ampea kuanzia 1948 hadi Mei 2019.

Waya wa kawaida ni mzito mno kwa nguvu ndogo hivi. Tumia foili ya jikoni. Kata vipande viwili, upana milimita 5, urefu sentimita 40. Vining'inize wima kwenye fremu ya mbao, vilegee kidogo, umbali wa milimita 5 kati yao. Unganisha ncha zao za chini, peleka za juu kwenye betri kupitia balbu ya wati 55. Mkondo unashuka kwenye kimoja na kupanda kwenye kingine.

Gusa klipu kwa chini ya sekunde moja, kisha ondoa. Foili za upana huu zinapata joto haraka, na ukizisahau zinachoma. Zitaachana. Hesabu inatoa 2 × 10⁻⁷ × 4.6 × 4.6 / 0.005, mara urefu wa 0.4, yaani karibu milinyutoni 0.34. Foili ya unene wa mikromita 16 ina uzito wa kama milinyutoni 0.85, kwa hiyo msukumo ni theluthi na zaidi ya uzito wake; jicho linaona bila shida. Nguvu halisi ni pungufu kidogo ya hiyo, kwa sababu foili ni pana na si uzi mwembamba.

Utaona pia kwamba mwanzoni kabisa foili zinaruka kwa nguvu, halafu zinatulia karibu zaidi. Nyuzi ya balbu ikiwa baridi ina ukinzani mdogo mno kuliko ikiwaka, kwa hiyo kwa muda mfupi sana inapitisha mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Nguvu inafuata mraba wa mkondo: mkondo mara mbili, nguvu mara nne.

Kuona kuvutana ndiko kunakowashinda wengi. Wanaunganisha ncha za juu pamoja na za chini pamoja, mkondo unagawanyika 2.3 kwa 2.3, na nguvu inabaki robo. Foili zinatikisika tu, wanasema hakuna kitu. Uweke mkondo mzima kwenye foili zote mbili: utoke chini ya ya kwanza, uchukuliwe na waya unaozunguka mbali, nusu mita hivi, na kurudi juu ya ya pili. Sasa zitagusana. Zikigusana saketi haiungui kwa sababu balbu bado iko njiani.

Mtu akidai ni uga wa dunia unaozisukuma, geuza ncha za betri. Mikondo yote miwili inageuka pamoja, zao la I₁I₂ linabaki lilelile, na foili zinaachana kama kwanza. Dunia nayo inazisukuma, kama milinyutoni 0.055 kwa urefu huu, lakini msukumo wake unageuka ukigeuza betri. Tofauti ndogo utakayoiona kati ya mara ya kwanza na ya pili ni ya dunia. Kilichobaki ni cha foili zenyewe.

Ndani ya kebo ya birika waya wa kahawia na wa buluu vilevile vinasukumana muda wote, msukumo ukivuma mara 100 kwa sekunde kwa stima ya hezi 50, ila ni milinyutoni 5 hivi kwa mita, ganda halitambui. Kwenye chumba cha swichi cha jengo kubwa hadithi ni nyingine. Vyuma viwili vya shaba vilivyoachana sentimita 10, kukitokea shoti ya ampea 10,000, vinasukumana kwa niutoni 200 kwa kila mita, sawa na mzigo wa kilo 20. Ampea 20,000, kilo 80. Kwa hiyo unapoona vishikio vya vyuma hivyo vimewekwa karibukaribu kuliko uzito wa shaba unavyodai, si uzito vilivyowekewa.